Konje bila mshahara: siku za mwaka zimeisha, mfanyakazi anaomba majuma mengine



Koperative nyingi za hapa Tshopo ziko na wafanyakazi wachache: magazinye, kontable, mlinzi, pengine na fundi wa mashini ya kukoboa mpunga. Mmoja akiondoka, kazi inayumba. Ndiyo maana komite inapopokea barua ya mtu aliyemaliza konje yake ya mwaka na bado anaomba majuma matatu au manne, watu wanagawanyika. Wengine wanasema, "Aende tu, mama yake ni mgonjwa." Wengine wanasema, "Akienda, tunamwondoa kazini." Pande zote mbili zinasema haraka mno. Tuchukue mfano mmoja, tuufuate toka barua mpaka siku ya kurudi.

Magazinye wa koperative moja ya mpunga amefanya kazi miaka 7. Mshahara wake ni dola 260 kwa mwezi. Mama yake yuko Bumba, anaumwa, na hakuna mtoto mwingine wa kumtunza. Anaomba majuma manne, toka tarehe 1 mpaka 27 ya mwezi wa sita. Komite inafungua kaye na kumjibu: "Papa, siku zako 12 zimeisha. Labda uende bila mshahara."

Kabla ya kusema neno "bila mshahara", hesabu upya siku za konje. Hapa ndipo makosa mengi yanapatikana. Kode ya Kazi ya Kongo, yaani sheria namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, iliyorekebishwa mwaka 2016, inampa mfanyakazi aliyepita miaka 18 angalau siku moja ya kazi kwa kila mwezi mzima aliotumika. Hiyo ni siku 12 kwa mwaka. Lakini kila akimaliza miaka 5 kwa mwajiri yule yule, anaongezewa siku moja. Magazinye wetu ana miaka 7, kwa hiyo haki yake ni siku 13, si 12. Siku ya yenga na siku za sikukuu ya serikali hazihesabiwi ndani.

Tena angalia zile 12 zilizoandikwa kwenye kaye zilitumiwa kwa nini. Nane alipumzika kweli. Nne ni za mwezi wa tatu, alipofiwa na baba yake. Sheria inatoa siku pembeni kwa mambo ya namna hiyo: siku 4 za kazi kwa kifo cha bibi, bwana, mzazi, mtoto au mkwe wa karibu, siku 2 mfanyakazi akioa au bibi yake akizaa, siku 1 mtoto wake akioa au akiolewa. Siku hizo zinalipwa, mpaka 15 kwa mwaka, na haziondolewi kwenye konje ya mwaka. Basi zile siku 4 za kilio ziliandikwa mahali si pake.

Hesabu ya kweli ni hii: haki siku 13, alizotumia 8, zinabaki 5. Majuma manne, toka siku ya kwanza mpaka siku ya posho, ni siku 24 za kazi. Tano zitalipwa kama konje ya kawaida. Zilizobaki 19 ndizo za kuombea konje bila mshahara.

Kuna jambo lingine la kutenga mapema. Kama mfanyakazi mwenyewe ndiye anayeumwa na ana karatasi ya munganga, au kama ni mama anayejifungua, hiyo si konje bila mshahara. Ugonjwa una kanuni zake, na uzazi una majuma 14 yake. Komite isimwambie mtu wa namna hiyo aandike barua ya kuomba bila mshahara, maana itakuwa inamnyanganya haki.

Sasa tuje kwa zile siku 19. Konje ya mwaka ni haki, mwajiri analazimishwa kuitoa. Konje bila mshahara ni mapatano. Kwanza tazama kontra yake na kanuni za ndani za koperative, kama zinaisema. Kama hazisemi kitu, Kode haimlazimishi mwajiri kukubali. Komite inaweza kukubali, inaweza kukataa, inaweza kuomba tarehe zibadilishwe. Lakini wakikubaliana, kontra haivunjiki. Inalala tu: mfanyakazi hafanyi kazi, mwajiri halipi, na siku ya kurudi nafasi yake iko. Kwa kuwa nguvu yake yote inatoka katika mapatano, bila karatasi hakuna kitu. Mtu aliyeondoka kwa ruhusa ya mdomo, prezida akibadilishwa wakati hayupo, anaweza kurudi akaambiwa alitoroka kazi.

Barua inaandikwa kwa yule anayewakilisha koperative kama mwajiri. Katika koperative ndogo ya namna rahisi ni komite ya usimamizi. Haiandikwi kwa chefu wa kijiji, wala kwetu sisi maagronomu wa shirika. Mara nyingi watu wanakuja kwetu na kusema, "Mutusaidiye, mumuruhusu." Sisi hatuna mamlaka hayo. Barua haihitaji kuwa ndefu. Mfano:

"Kwa Papa Prezida wa komite ya usimamizi. Mimi, magazinye wa koperative tangu miaka 7, naomba kwa heshima ruhusa ya majuma manne, toka tarehe 1 mpaka 27 ya mwezi wa sita, juu ya ugonjwa wa mama yangu kule Bumba. Naomba siku 5 za kwanza zihesabiwe kwa konje yangu iliyobaki, na siku 19 ziwe bila mshahara. Nitarudi kazini tarehe 29 ya mwezi wa sita. Kabla ya kuondoka nitakabizi depo na funguo kwa mtu mutakayemuchagua. Kama chombo kitachelewa, nitapiga simu kwa sekretere kabla ya tarehe hiyo."

Angalia ile sentensi ya mwisho. Kila mtu anayesafiri kwa mto anajua kwamba baleniere haiondoki kwa saa, inaondoka ikijaa. Tarehe ya kurudi bila neno juu ya kuchelewa ni mtego kwa wote wawili. Afadhali komite iandike kabisa katika jibu lake: akitoa habari, anaongezewa siku kadhaa, tuseme 6, nazo bila mshahara, zikipita bila habari, ni utoro. Katika mfano wetu siku 6 zinamfikisha mwanzo wa mwezi wa saba, wakati mpunga wa kwanza unaanza kuingia depo. Komite haiwezi kwenda mbali zaidi ya hapo, na ni vizuri imwambie hivyo mapema.

Jibu nalo liwe kwa maandishi, hata likiwa la kukataa. Komite inayokataa itoe sababu na itafute njia nyingine: majuma mawili badala ya manne, au aende sasa kuliko katikati ya mavuno. Mfanyakazi aliyekataliwa akiondoka hata hivyo, kosa ni lake, na linaweza kumpotezea kazi.

Mshahara unahesabiwa namna gani? Desturi ni kugawa mshahara wa mwezi kwa siku 26. Dola 260 kwa 26 ni dola 10 kwa siku. Siku 19 ni dola 190. Mwisho wa mwezi wa sita magazinye atapokea dola 70: siku 5 za konje, tarehe 29 aliyorudi, na tarehe 30 ambayo ni sikukuu ya uhuru. Kotisasio ya CNSS, 5 kwa mia upande wa mfanyakazi na 13 kwa mia upande wa mwajiri, inahesabiwa juu ya zile dola 70 tu. Mfanyakazi aelezwe hayo kabla ya kuweka sinyatire, asije akashangaa siku ya malipo.

Halafu nani atashika funguo? Zile dola 190 zinaweza kumlipa mtu wa kushika nafasi, lakini hapa koperative nyingi zinajifunga zenyewe bila kujua. Wanamchukua kijana wa jirani, wanamlipa siku kwa siku, bila karatasi. Kode inasema kwamba mtu wa kulipwa siku kwa siku akishatimiza siku 22 za kazi ndani ya miezi miwili, akichukuliwa tena kabla ya miezi hiyo kuisha, anahesabiwa kuwa na kontra isiyo na mwisho. Hata magazinye wetu asipochelewa, kwa siku 24 mwenzake amekwisha kuvuka siku 22, na koperative ina mamagazinye wawili. Sheria inaruhusu kontra ya muda kwa ajili ya kushika nafasi ya mtu asiyekuwepo. Basi iandikwe: anashika nafasi ya nani, toka tarehe gani mpaka gani.

Mwisho ni kukabiziana depo, na hapa ninaongea kama agronomu. Msihesabu mifuko tu. Pimeni uzito kwa mizani, na mwandike kiasi cha maji ndani ya mpunga. Mfuko wa kilo 100 wenye maji 16 kwa mia, ukikaushwa juani mpaka 14 kwa mia, unabaki karibu kilo 97,7. Hakuna aliyeiba, ni maji yameondoka. Kwa mifuko 120, tofauti inafika karibu kilo 280. Magazinye akirudi akakuta pengo hilo bila kuandikwa sababu, ugomvi utakuwa kati ya watu wawili wasio na kosa, na kila mmoja atamnyoshea mwenzake kidole. Karatasi ya kukabizi iwe na idadi ya mifuko, uzito, maji, pesa zilizo kwenye kesi, funguo, na sinyatire tatu: anayetoka, anayeingia, na memba mmoja wa komite ya uangalizi.

Siku ya kurudi, kazi ile ile inafanywa kinyume: mnapima tena, mnaandika, mnaweka sinyatire, na magazinye anapewa karatasi inayoonyesha kwamba ameanza kazi tarehe 29. Karatasi nne zinaingia katika dosie yake: barua, jibu, kukabizi, kurudi. Memba akiuliza katika mkutano mkuu, "Juu ya nini yule alikaa majuma manne?", sekretere anafungua dosie na kusoma.