Maduka Mawili, Mtandao Mmoja

Chukua mfanyabiashara mwenye duka Kariakoo, Dar es Salaam, na tawi mjini Morogoro. Anataka muuzaji wa Morogoro aone idadi ya mali iliyomo kwenye kompyuta ya Kariakoo kana kwamba wamekaa chumba kimoja. Jambo hilo lawezekana. Ruta mbili huchimba handaki ndani ya intaneti ya kawaida: ruta ya huku hufunga kila kifurushi kwa ufunguo wa siri, na ya kule hukifungua.

Lakini kabla ya handaki kuna suala la anwani. Ruta nyingi hutoka kiwandani zikigawa anwani zile zile, kama 192.168.1.5. Maduka yote mawili yakiwa hivyo, kompyuta ya Morogoro itamtafuta mwenzake humo humo dukani, na ombi halitafika hata mlangoni pa handaki. Ni kama mitaa miwili yenye jina moja: tarishi hana sababu ya kutoka mtaani kwake. Basi Kariakoo ipewe 192.168.10.0/24, na Morogoro 192.168.20.0/24.

Pili, nani atabisha hodi kwa nani? Angalau ruta moja lazima ifikike kutoka nje. Soma kwenye ukurasa wa ruta anwani yake ya upande wa intaneti. Ikiwa kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255, kampuni imeweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Ruta hiyo yaweza kubisha, lakini haibishiwi. Tuseme Morogoro ndiyo iko hivyo. Kwa kutumia WireGuard, ruta yake itaandikwa:

```
[Peer]
PublicKey = UFUNGUO_WA_KARIAKOO
Endpoint = ANWANI_YA_KARIAKOO:51820
AllowedIPs = 192.168.10.0/24
PersistentKeepalive = 25
```

Mstari wa nne hutaja anwani zinazopita handakini. Kariakoo itaandika 192.168.20.0/24. Mstari wa mwisho huifanya Morogoro ibishe kila sekunde 25, ili njia ya kurudia isifungwe. Maduka yote mawili yakiwa nyuma ya anwani ya kuchangia, njia moja ni kuiomba kampuni anwani ya umma kwa duka moja.

Ukiona `latest handshake` ya dakika mbili zilizopita, funguo zimekubaliana. Kama mali bado haionekani, usibomoe handaki. Kutoka Morogoro, andika `ping 192.168.10.1`. Ruta ya Kariakoo ikinyamaza, kagua mstari wa nne pande zote mbili, na kama ruta zimeruhusu handaki kuingia dukani. Ikijibu, lakini kompyuta ya mali haijibu, basi mlinzi wa Windows ndani ya kompyuta hiyo huenda anawakataa wageni wa mtaa mwingine, aruhusiwe 192.168.20.0/24.

Hata hivyo, handaki haliwezi kuipita kasi ambayo Kariakoo hupeleka data nje. Na umeme ukikatika Kariakoo, Morogoro nayo haitaona mali. Kwa hiyo muuzaji abaki na daftari lake mezani.