Kuku wa Krismasi Huhesabiwa Tangu Oktoba

Tangazo la kuku wa sikukuu huwa na mistari michache tu: aina ya kuku, uzito, bei, mwisho wa kuweka oda na siku ya kuchukua. Kila mstari hutokana na hesabu iliyofanyika bandani wiki nyingi kabla, kwa sababu kuku aliyepungua tarehe 20 Desemba hapatikani tena kufikia tarehe 24. Mfugaji anayetangaza kwanza na kuhesabu baadaye huishia kurudisha pesa za watu usiku wa mkesha.

Hesabu hufanywa kwa kurudi nyuma. Tuchukue mfugaji wa Kibaha mwenye kuku wa nyama, yaani broila, na wateja wake wako Dar es Salaam. Anataka kukabidhi kuku tarehe 23 na 24 Desemba, kila mmoja akiwa na kilo 2 hivi akiwa hai. Kwa chakula kizuri broila hufika hapo akiwa na wiki 5 au zaidi kidogo. Vifaranga wakiingia bandani tarehe 16 Novemba, tarehe 23 Desemba watakuwa na siku 37. Lakini yai hukaa siku 21 kwenye mashine ya kutotolesha, kwa hiyo mayai ya vifaranga hao yaliingizwa mashineni tarehe 26 Oktoba. Ndiyo maana anayekwenda kutafuta vifaranga wa Krismasi katikati ya Novemba huambiwa wamekwisha: waliototolewa wana wenyewe tayari. Kuku wa kienyeji wanataka maandalizi ya mapema zaidi, maana huhitaji miezi kadhaa kufikia uzito wa kuchinjwa.

Mfugaji huyu ameleta vifaranga 300. Hawezi kutangaza kuku 300. Akikadiria vifo vya 5 kwa kila 100, atabaki na 285. Katika hao hawakosekani waliodumaa, wenye miguu mibovu, na watakaokufa kwa joto wakati wa kusafirishwa. Akitenga 25 kwa ajili hiyo, kuku wa kuuza ni 260, na hiyo ndiyo idadi ya kuandika. Wale 25 wasiuzwe hata mteja akibembeleza, mpaka oda ya mwisho iwe imekabidhiwa.

Siku ya kufungua oda nayo ina sababu yake. Wiki ya kwanza ndiyo yenye vifo vingi, hasa joto la taa lisipotosha au maji yakichelewa. Chanjo za mwanzo za kideri na gumboro hutolewa ndani ya wiki mbili za kwanza, kwa kufuata ratiba ya daktari wa mifugo. Kwa hiyo tarehe 1 Desemba, kuku wakiwa na siku 15, mfugaji anaweza kupokea pesa ya mtu bila wasiwasi mkubwa. Wanaochukua wengi, kama mama lishe na wapishi wa shughuli, hupewa mpaka tarehe 10. Hapo hujulikana ni kuku wangapi kati ya 260 wamebaki kwa ajili ya familia, ambao oda yao hufungwa tarehe 18. Kila oda huambatana na nusu ya malipo. Oda isiyo na malipo ya awali ni ahadi tu, na sikukuu ikikaribia mtu huyohuyo huwa ameweka oda sehemu tatu.

Kati ya tarehe hizo mbili kuna siku muhimu kuliko zote, tarehe 14, kuku wanapotimiza wiki 4. Asubuhi, kabla ya kula, mfugaji hukamata kuku kumi kutoka pembe mbalimbali za banda, si wale wanaomkimbilia mlangoni, na kuwapima mmoja mmoja. Wastani ukiwa karibu kilo 1.5, ahadi ya kilo 2 itatimia. Ukiwa kilo 1.1, siku 9 zilizobaki hazitoshi. Hapo wateja huambiwa mapema uzito utakuwa mdogo, na bei hupunguzwa. Uzito wenyewe uelezwe wazi kwenye tangazo: kuku wa kilo 2 akiwa hai hutoa nyama ya kilo 1.4 au 1.5 akishanyonyolewa na kutolewa utumbo. Magomvi mengi ya mkesha yanatokana na mstari huu mmoja kukosekana.

Mayai yana hesabu tofauti, maana kuku wa mayai hahimizwi. Huanza kutaga akiwa na wiki 18 hadi 20, na ndani ya siku moja hatagi zaidi ya yai moja. Kuku 200 wanaotaga kwa kiwango cha 80 kwa kila 100 hutoa mayai 160 kwa siku, yaani trei 5 na mayai 10. Kinachowezekana ni kuyatenga. Kuanzia tarehe 13 hadi 22 Desemba yatapatikana mayai 1,600, karibu trei 53. Maduka ya kawaida yakichukua trei 3 kila siku, zinabaki 23. Zikitolewa 3 kwa ajili ya yaliyopasuka na madogo, tangazo liseme trei 20. Maduka hayo yasikatwe kwa tamaa ya bei ya sikukuu, kwa sababu ndiyo yatakayonunua mayai Januari.

Yai la siku 10 bado ni zima likiwekwa kivulini penye hewa, ncha kali ikielekea chini, bila kuoshwa. Mteja mwenye shaka hulitumbukiza kwenye maji: jipya hulala chini, la siku nyingi husimama, na linaloelea halifai.

Baada ya hesabu hiyo, tangazo hujiandika lenyewe:

"Kuku wa Krismasi, broila, kilo 2 akiwa hai. Wapo 260. Oda za kuanzia kuku 20 mwisho tarehe 10 Desemba, oda ndogo mwisho tarehe 18. Hai au waliochinjwa. Mchinjaji ni Mwislamu. Mayai trei 20, kila mteja trei zisizozidi 2. Malipo nusu wakati wa oda. Kuchukua tarehe 23 na 24, saa 12 hadi saa 4 asubuhi."

Saa za asubuhi zimewekwa kwa sababu ya joto la Desemba. Broila mzito aliyebanwa kwenye tenga mchana hupanua mdomo, hutweta, kisha hufa. Wa kuchinjwa huondolewa chakula saa 8 hadi 12 kabla, maji yakibaki, ili utumbo uwe mtupu na nyama isichafuke. Ikiwa kuku walipewa dawa, siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye pakiti lazima ziishe kwanza, na kwa kuku wa mayai vilevile. Mteja asiyekuja pia ana gharama: kuku 40 waliobaki hula karibu kilo 7 za chakula kwa siku.

Idi inahitaji marekebisho moja. Tarehe ya Krismasi haibadiliki, lakini Idi el-Fitri husubiri mwezi kuandama, na nchini Tanzania Mufti hutangaza usiku. Kwa hiyo kuku huandaliwa kwa siku ya mapema zaidi inayowezekana. Wanaotaka kuku hai hukabidhiwa kuanzia mchana wa Ramadhani 29, na uchinjaji huanza baada ya tangazo la mwezi. Mwezi usipoonekana, kuku hulishwa siku moja zaidi, na chakula cha siku hiyo kinapaswa kuwa kimeshanunuliwa.