Forodha ya Marekani Inapouliza Bei ya Mzigo

Mtu akipokea CBP Form 28 kwa mara ya kwanza hudhani ameshtakiwa. Hajashtakiwa. Afisa wa forodha ya Marekani anaomba maelezo ili ajue thamani ya kutoza ushuru. Ukiombwa umsomee mwagizaji fomu hiyo kwa Kiswahili, tazama kwanza tarehe ya ombi, maana siku 30 za kujibu huhesabiwa tangu hapo, wala si tangu bahasha ilipofunguliwa. Kisha angalia visanduku. Maswali yote yamekwisha chapwa, lakini yanayodai jibu ni yale tu yaliyotiwa alama, pamoja na lolote afisa aliloandika mwenyewe.

Tuchukue mfano wa mama anayeishi Columbus, Ohio, aliyeagiza mifuko 400 ya kitenge kutoka kwa dada yake, fundi wa Dar es Salaam. Walipatana dola 9 kwa mfuko, nauli ya ndege na bima zikiwa ndani ya bei hiyo. Jumla ni dola 3,600. Wakala wake wa forodha alitangaza dola 2,800. Afisa ametia alama mahali patatu: je, mnunuzi na muuzaji wana uhusiano, je, kuna gharama nyingine, na leta mkataba au oda ya ununuzi.

Tofauti ya dola 800 ndiyo humchanganya mfanyabiashara aliyezoea bandari zetu. Kwa mizigo ya baharini, Afrika Mashariki hutoza ushuru kwa thamani iliyojumlisha nauli na bima. Marekani huziondoa nauli na bima za safari ya kimataifa, mradi zithibitishwe. Kwa hiyo wakala hakukosea kupunguza, ila ushahidi unaotakiwa ni ankara ya msafirishaji yenye kiasi kilicholipwa kweli. Makadirio ya fundi hayatoshi. Ankara ikionyesha dola 650, kinachoondolewa ni 650, na thamani inapanda hadi 2,950.

Swali la uhusiano halijibiwi kwa aibu. Kwa sheria ya Marekani, dada kwa dada ni watu wenye uhusiano, wawe wa baba na mama mmoja au wamechangia mzazi mmoja tu. Jibu ni ndiyo. Hilo peke yake haliifuti bei. Linamtaka mwagizaji aonyeshe kwamba undugu haukuishusha. Ushahidi mzuri ni ankara ambazo fundi aliwauzia wateja wasio jamaa mifuko ya aina hiyohiyo, au hesabu ya gharama zake za kitambaa, ujira na kodi ya duka, inayoonyesha kuwa bei inazifidia na faida inabaki.

Kwenye gharama nyingine ndipo watu wengi hukwama, kwa sababu huelewa kwamba wanaulizwa fedha tu. Mama huyu alinunua zipu na bitana Columbus kwa dola 320, akazisafirisha kwa dola 80 na kumpa fundi bure. Hakuna ankara ya mifuko inayozitaja. Hata hivyo forodha huzihesabu kama sehemu ya thamani: dola 400, yaani dola 1 kwa kila mfuko. Ajabu yake, mchoro wa mfuko aliouchora mwenyewe hukohuko Columbus hauongezwi, kwa kuwa kazi ya ubunifu iliyofanyika ndani ya Marekani imeachwa nje ya hesabu hii.

Mimi ningemwandikia hivi:

“Dada, shikamoo. Forodha wanataka kujua bei ya mifuko ilivyopatikana. Nitumie mapatano yenu ya oda, hata kama ni ujumbe wa simu. Ankara ya fundi. Uthibitisho wa malipo yote, ya awali na ya mwisho, yanayofikia dola 3,600. Ankara ya nauli na bima. Na risiti za zipu, bitana na usafirishaji wake. Mwombe fundi ankara za wateja wengine. Vyote viwe vya mzigo huu, isipokuwa hizo za wateja wengine. Karatasi za Kiswahili tutaziambatanisha na tafsiri ya Kiingereza. Usitengeneze risiti iliyopotea. Niambie haipo, tuombe nakala benki au dukani.”

Nauli ikithibitika kuwa dola 800, thamani sahihi ni 2,800 na 400 za vifaa, jumla 3,200. Jibu liseme wazi kwamba dola 400 hazikutangazwa, na kabla ya kulituma wakala alisome. Nakala ya fomu irudishwe pamoja na majibu. Siku 30 zikionekana hazitoshi, afisa ambaye jina lake liko kwenye fomu apigiwe kabla hazijaisha. Akikosa majibu, au yasipomridhisha, anaweza kutuma CBP Form 29, na hiyo haiulizi tena: inaeleza thamani ambayo forodha inakusudia kuitumia au imekwisha kuitumia.