Timu ikipanda kushambulia, nani anabaki nyuma?

Tarehe 16 Novemba 2025, mjini Rabat, Leopards walikuwa nyuma 1-0 dhidi ya Nigeria katika mechi ya kutafuta nafasi ya kuendelea na safari ya Kombe la Dunia. Dakika ya 32 Alex Iwobi akapoteza mpira katikati ya uwanja. Cédric Bakambu akaenda nao, akampasia Meschack Elia, na Elia akafunga. Mechi iliisha 1-1, Congo ikashinda kwa penalti 4-3.

Siku ile kila mtu alimsifu Elia, na ni haki yake. Lakini goli la namna hii lina upande wa pili ambao hauzungumzwi sana. Wakati Nigeria walikuwa na mpira, wachezaji wao wa nyuma walikuwa wamesimama wapi? Timu inapokuwa na mpira, walio mbele wanashambulia, na walio nyuma ya mpira wana kazi yao pia: kuwa tayari kwa sekunde ile mpira utakapopotea. Wajerumani wana neno moja kwa kazi hiyo, na maana yake ni ulinzi wa wale wanaobaki. Waingereza walipolichukua, wengine wakafikiri linahusu kupumzika. Ni kinyume kabisa. Beki anayepumzika wakati wenzake wanashambulia ndiye anayefungwa kwa kontre.

Kwenye viwanja vyetu, kutoka Baraka kando ya ziwa mpaka Fizi-centre kule juu, kelele ya mashabiki timu ikipata kona ni moja: «Pandeni wote!» Tuangalie basi mechi ambayo ilionyesha dunia nzima bei ya kupanda bila hesabu. Wakongomani wengi waliifuata kwa sababu ya Romelu Lukaku, ambaye baba yake, Roger, aliichezea Zaïre.

Ni tarehe 2 Julai 2018, mjini Rostov, Urusi, Kombe la Dunia. Ubelgiji dhidi ya Japani. Wajapani waliongoza 2-0 baada ya mapumziko, Wabelgiji wakarudisha yote mawili kwa vichwa vya Vertonghen na Fellaini. Dakika za nyongeza, Keisuke Honda akapiga mpira wa adhabu kutoka mbali, kipa Thibaut Courtois akautoa nje. Kona kwa Japani. Zilikuwa zimebaki sekunde chache tu, na baada yake mechi ingeingia dakika 30 za ziada.

Japani wakapeleka mabeki wao wa kati mbele kwa ajili ya kichwa. Honda akapiga kona ndani, na Courtois akaudaka mpira mikononi. Hakukaa nao. Alikimbia hatua chache kuelekea mwisho wa boksi lake, akauviringisha chini kwa Kevin De Bruyne, ambaye alikuwa ameshaanza kukimbia. De Bruyne akapita katikati ya uwanja bila mtu kumgusa. Mbele yake alikuwa Hotaru Yamaguchi, peke yake. Lukaku alikimbia mbele akikata kuelekea katikati na kumvuta beki, hivyo upande wa kulia ukabaki wazi kwa Thomas Meunier. De Bruyne akampa Meunier, Meunier akapiga pasi ya chini mbele ya goli. Lukaku, akiwa na Makoto Hasebe ubavuni, akauacha mpira upite katikati ya miguu. Nacer Chadli akafika nyuma yake, akafunga. Ubelgiji 3, Japani 2, na mwisho wa mechi. Televisheni ya taifa ya Japani ilitengeneza filamu nzima kuhusu sekunde 14 zile.

Watu wengi walimlaumu Yamaguchi kwa sababu alirudi nyuma badala ya kumkaba De Bruyne. Kwa maoni yangu yeye ndiye wa mwisho wa kulaumiwa. Mchezaji mmoja akikutana na mtu mwenye mpira anayekimbia kwa kasi, huku wengine wanapita kulia na kushoto, hana jibu zuri. Akienda kwa De Bruyne, pasi inampita. Akirudi, De Bruyne anapata njia. Kosa lilikuwa limeshafanyika kabla kona haijapigwa.

Kosa la kwanza ni De Bruyne mwenyewe. Sheria inakataza kumzuia kipa asiachie mpira ulio mikononi mwake, kwa hiyo Mjapani hangeweza kusimama mbele ya Courtois na kumfungia njia. Kilichowezekana ni kuwa karibu na mtu ambaye kipa atampa. Kila kona inahitaji mchezaji mmoja au wawili nje kidogo ya boksi la wapinzani, na kazi yao siyo tu kusubiri mpira unaorudi ili wapige shuti. Wanamtafuta mpinzani anayeweza kuanzisha kontre na kukaa karibu naye, hatua moja au mbili. Kama De Bruyne angepokea mpira ule akiwa na mtu mgongoni, angelazimika kugeuka au kurudisha, na sekunde tatu zingetosha kwa Wajapani kuanza kurudi.

Kosa la pili ni hesabu ya nyuma. Kanuni ambayo makocha wengi wanafuata ni rahisi: wanaobaki wazidi kwa mtu mmoja wale ambao wapinzani wameacha mbele. Wakiacha mshambuliaji mmoja, wabaki wawili. Wakiacha wawili, wabaki watatu. Mmoja anakaa karibu na mshambuliaji, mwingine anaangalia nafasi iliyo nyuma yake. Lakini hesabu hiyo peke yake inadanganya, kwa sababu Ubelgiji hawakushinda kwa watu walioachwa mbele. Walishinda kwa watu waliotoka ndani ya boksi lao wakikimbia. Ndiyo maana wale wa nje ya boksi na wale wa nyuma kabisa ni kazi moja. Wa mbele wanachelewesha, wa nyuma wanangoja.

Wakati wa mchezo wa kawaida, bila kona, timu kubwa nyingi siku hizi zinagawanya wachezaji kumi wa ndani nusu kwa nusu: watano wanashambulia, watano wanabaki nyuma ya mpira. Watano wale hupangwa watatu nyuma na wawili mbele yao, au wawili nyuma na watatu mbele yao. Beki wa kulia akipanda, wa kushoto anaingia ndani kuwa wa tatu pamoja na mabeki wa kati. Wakitaka mabeki wa pembeni wote wawili wapande, basi kiungo mkabaji anashuka. Anayepanda hapandi kwa sababu ameona nafasi tu. Anapanda kwa sababu amemwona mwenzake amebaki.

Wanaobaki wasimame wapi? Hapa ndipo timu zetu nyingi za vijijini zinakosea, na ni kosa linalotokana na uoga. Beki anaogopa mpira mrefu, basi anarudi mpaka karibu na boksi lake. Sasa kati yake na wenzake wanaoshambulia kuna mita 40 au zaidi za uwanja mtupu, na mpinzani yeyote atakayepata mpira atageuka kwa raha na kuanza kukimbia. Akisimama kwenye mstari wa katikati, sheria ya kuotea inamsaidia: mshambuliaji aliyesimama kwenye nusu yetu nyuma ya mabeki ataotea akipasiwa, kwa hiyo analazimika kurudi kusimama nao sambamba au kubaki kwenye nusu yake.

Kuna tofauti ya kiwanja, na kocha wa Fizi asiige televisheni bila kufikiri. Wakati wa kiangazi ardhi inakuwa ngumu, mpira mrefu unadunda juu na kupita kichwa cha beki aliyesimama karibu mno. Kiwanja cha namna hiyo kinamtaka mmoja wa mabeki asimame hatua tano au sita nyuma ya mwenzake. Wakati wa mvua ni kinyume: mpira unakwama kwenye tope, na beki anaweza kusogea karibu zaidi na mshambuliaji. Upepo wa ziwa ukivuma kuelekea goli letu, kipa wa wapinzani anaweza kufikisha mpira mbali kuliko kawaida, na wanaobaki washuke kidogo.

Mabeki wakisimama juu hivyo, nafasi ya nyuma yao ni ya kipa, na Leopards wanalijua hilo kwa uchungu. Tarehe 17 Januari 2024, huko San Pedro, Côte d'Ivoire, Lionel Mpasi alitoka nje ya goli lake kuokoa mpira dhidi ya Zambia. Mpira haukwenda mbali, ukamfikia Kings Kangwa, naye akapiga kutoka mbali kwenye goli tupu. Yoane Wissa alisawazisha dakika chache baadaye, mechi ikaisha 1-1. Kipa kutoka si kosa, ni sehemu ya kazi. Lakini akishatoka, mpira unapaswa kwenda nje ya mstari wa pembeni, hata kama unawapa wapinzani mpira wa kurusha, na beki aliye karibu akimbilie goli badala ya kusimama kutazama.

Kocha anaweza kujua mapema kama timu yake ina ugonjwa huu, kabla ya kufungwa. Timu inaposhambulia, asitazame mpira. Atazame nyuma. Kama mshambuliaji wa wapinzani amesimama peke yake na hakuna anayemgusa, ni dalili. Kama mabeki wanakimbia mara kwa mara nyuso zao zikiangalia goli lao wenyewe, ni dalili kubwa zaidi. Mazoezini inatosha kupiga filimbi ghafla wakati kona inataka kupigwa, wote wasimame walipo, na kila anayebaki ataje jina la mtu anayemchunga. Asiye na jina la kutaja yuko mahali pasipofaa.

Mpira ukishapotea, wale watano wana chaguo mbili. Aliye karibu sana anakwenda mara moja, kabla mpinzani hajainua kichwa. Kama amechelewa hata hatua tatu, asiende. Arudi taratibu, afunge katikati, amsukume mwenye mpira kuelekea pembeni, na kungoja wenzake. Chaguo la tatu linajulikana: kumshika jezi katikati ya uwanja na kupokea kadi ya njano. Wengi walisema Yamaguchi angefanya hivyo. Labda, lakini De Bruyne alikuwa na nafasi ya kumpita bila kushikwa.

Ulinzi huu una gharama. Watano wakibaki, boksi la wapinzani linakuwa na watu wachache, na timu iliyo nyuma 1-0 dakika ya 88 haiwezi kucheza hivyo mpaka mwisho. Hapo kupeleka hata beki wa mwisho ni uamuzi halali, kwa sababu kufungwa 1-0 na kufungwa 2-0 ni kutolewa kule kule. Japani hawakuwa nyuma. Walikuwa 2-2, na dakika 30 za ziada zilikuwa zinawasubiri.