Paneli Ikikaa Kati ya Vitanzi Viwili

Chukua paneli ya sola juu ya bati, betri ya volti 12 chini ya meza na taa mbele ya duka, vyote vimeungwa sambamba. Jua linawaka. Taa inapata ampea ngapi? Na betri, je, inajazwa au inanyonywa? Multimita itakujibu upesi, lakini hata kalamu na karatasi vinatosha.

Chora betri upande wa kushoto, na juu yake waya wenye ukinzani wa omu 4. Huo ni waya mbovu kupita kiasi, nakubali, ila unarahisisha hesabu. Katikati weka paneli inayosukuma mkondo kwenda juu. Kulia weka taa ya omu 8. Mchoro utafanana na dirisha la vioo viwili, paneli ikiwa ule ubao wa kati. Kila kioo ni kitanzi. Mkondo wa kushoto tuuite I1 na wa kulia I2, na yote miwili tuizungushe kwa mwendo wa saa.

Kanuni tunayoitegemea ni ya Gustav Kirchhoff, aliyeitoa mwaka 1845 angali mwanafunzi huko Königsberg: ukizunguka kitanzi hadi ulipoanzia, volti ulizopanda zinalingana na volti ulizoshuka. Kwenye waya na taa, volti ni ampea mara omu. Kwenye betri zimeandikwa ubavuni. Kwenye paneli sasa? Jua likiwa thabiti, paneli hushikilia mkondo, tuseme ampea 3, na volteji yake huamuliwa na vitu ilivyoungwa navyo. Kwa hiyo huna namba ya kuandika. Wengi hapo huandika sifuri, na hesabu inafia papo hapo.

Dawa yake ni kutopita kwenye paneli. Acha ubao wa kati, uzunguke fremu ya nje: panda kwenye betri, pita waya wa omu 4, shuka kwenye taa, rudi. Njia hiyo inayovimeza vitanzi viwili kwa pamoja ndiyo mafundi wanaiita supamesh, yaani kitanzi kikuu. Angalia lakini: kwenye waya bado anapita I1, na kwenye taa bado anapita I2. Tumeunganisha njia, mikondo hatujaiunganisha.

Safari hiyo inatupa mlinganyo mmoja, na tunatafuta namba mbili. Wa pili tunaupata kwenye paneli yenyewe tuliyoikwepa. Katika waya wa kati I2 anapanda na I1 anashuka, kwa hiyo tofauti yao ndiyo zile ampea 3 zinazopanda:

```
4·I1 + 8·I2 = 12
I2 − I1 = 3
```

Badala ya I2 weka I1 + 3. Mstari wa kwanza unakuwa 12·I1 + 24 = 12, ndipo I1 inatoka −1 na I2 inatoka 2. Usiogope ile alama ya kutoa, maana ndiyo jibu la swali letu: mkondo unaingia kwenye betri badala ya kutoka. Ampea 2 zinawasha taa, 1 inajaza betri.

Volteji ya paneli sasa inajitokeza bila kulazimishwa: ampea 2 kwenye omu 8 ni volti 16. Ukijia upande wa pili, betri ina 12 na waya una 4, jumla 16 vilevile. Mimi huongeza kipimo cha wati, kwa sababu mara nyingi alama iliyogeuzwa kimakosa haiponi hapo. Paneli inatoa 16 mara 3, yaani wati 48. Taa inakula 32, betri inapokea 12, waya unapoteza 4. Zimetimia 48. Zingegoma kutimia, ningeanza kukagua mstari wa pili, kwa kuwa kuandika I1 − I2 badala ya I2 − I1 ndilo kosa la kila siku.

Wingu likipita na paneli ikashuka hadi ampea 1.5, badilisha namba hiyo moja tu: I1 inakuwa sifuri, betri haijazwi wala hainyonywi. Usiku paneli ni sifuri, I1 na I2 zinalingana kwa ampea 1, na taa inakula betri peke yake.

Sasa chomoa taa mchana wa jua kali. Ampea zote 3 zitabidi ziende kwenye betri, waya utataka volti 12 zake, na hesabu itadai paneli itoe volti 24. Paneli ya kawaida ya mfumo wa volti 12 huishia karibu volti 21 hata ikiwa haijaungwa na kitu. Volteji ikisogea huko mkondo wake huporomoka, na ile 3 ya mstari wa pili si 3 tena.