Bao la Kujifunza: Mashimo 32 na Kete 64

Bao la kujifunza ni sura nyepesi ya bao la kiswahili, mchezo unaopendwa tangu Lamu na Mombasa hadi Unguja na mwambao wa Tanzania. Wakubwa hulicheza bao kwenye ubao uliochongwa. Watoto na wanaoanza hulichimba ardhini, na sheria zake zimepunguzwa kiasi cha kumwezesha mtoto kucheza na mtu mzima bila kungoja miaka.

Mahali pazuri pa kuchimba ni udongo mkavu ulioshikana, chini ya kivuli. Mchanga mtupu haufai kwa sababu kingo humomonyoka na kete hufukiwa. Huchimbwa safu 4 za mashimo 8, na kila mchezaji humiliki safu 2 zilizo upande wake, yaani ya mbele inayotazamana na mpinzani na ya nyuma iliyo karibu na miguu yake. Shimo linatakiwa liingie vidole vya mkono mzima na lichukue kete zaidi ya 10 bila kumwagika. Mashimo yakiwa na kina tofauti, kete chache kwenye shimo refu huonekana pungufu na nyingi kwenye shimo fupi huonekana zaidi, na jicho linalojifunza kukadiria hupotoka. Kete zenyewe ni komwe, mbegu ngumu za kijivu za mkomwe, au kokoto za ukubwa mmoja. Zote ni 64, na mchezo huanza kila shimo likiwa na 2.

Kucheza ni kuzoa kete zote za shimo moja lililo upande wako, lenye kete 2 au zaidi, na kuzisambaza moja moja kwenye mashimo yanayofuata, kulia au kushoto, kuzunguka safu zako mbili tu. Kinachoamua ni kete ya mwisho. Ikiangukia shimo tupu, zamu imelala. Ikiangukia shimo la mbele lenye kete, na shimo la mpinzani linalotazamana nalo nalo lina kete, mchezaji anakula. Ikiangukia shimo lenye kete ambapo hakuna cha kula, anazoa zote zilizomo na kuendelea. Usambazaji wa kwanza usipoleta kula, zamu hiyo yote inakuwa ya kutakata: kete zinasogezwa, lakini hakuna kula mpaka zamu ilale. Penye nafasi ya kula, mchezaji hana ruhusa ya kutakata.

Jambo linalolitofautisha bao na michezo mingi ya aina yake ni kwamba kete zilizoliwa haziwekwi pembeni. Zinarudi mchezoni upande wa aliyekula, kuanzia moja ya mashimo ya mwisho ya safu yake ya mbele, yanayoitwa kichwa. Shimo linalofuata kichwa huitwa kimbi. Aliyekula akiwa kwenye kichwa au kimbi huanzia kichwa cha upande huohuo. Aliyekula katikati huendelea na mwelekeo aliokuwa nao.

Zamu moja ya ufunguzi inaonyesha namna hesabu inavyokwenda. Mchezaji anazoa kete 2 za shimo la kwanza la mbele, akihesabu kutoka kushoto, na kuzipeleka kulia. Ya mwisho inaangukia shimo la 3, ambalo sasa lina 3, na mpinzani mbele yake ana 2. Anazila. Kwa kuwa alikuwa akielekea kulia, anaanzia kichwa cha kushoto: moja shimo la 1, moja shimo la 2. Hapo tena pana kete pande zote mbili, kwa hiyo anakula 2 nyingine. Shimo la 2 ni kimbi, hivyo anaanza tena kichwa cha kushoto, na kete ya mwisho inarudi shimo la 2 lenye jumla ya 5. Mpinzani hapo hana kitu tena, basi anazizoa zote 5 na kuendelea hadi shimo la 7. Huko anakula 2. Shimo la 7 ni kimbi cha kulia, kwa hiyo sasa anaanzia kichwa cha kulia na mwelekeo unageuka. Mkono unarudi kushoto, unazunguka safu ya nyuma na kuibuka mbele kwenye shimo la 8, ambako anakula 2 za mwisho. Anazianzia palepale kichwani, na kete ya pili inatua shimo la 7 ambalo lilikwisha kuzolewa. Zamu imelala. Ameongeza kete 8: anazo 40, mpinzani 24, na jumla bado ni 64.

Jumla hiyo ndiyo kipimo cha kila zamu. Kosa la kawaida kabisa kwa mtoto ni kuanza kusambaza kwenye shimo lilelile alilozoa, hivyo kete ya mwisho inaishia shimo moja nyuma. Lakini jumla haibadiliki kwa kosa hili. Hugunduliwa kwa kutazama shimo la kuanzia, ambalo baada ya kuzolewa linatakiwa kubaki tupu mpaka mzunguko ulirudie. Makosa mengine mawili ni kuruka shimo la pembeni wakati wa kugeuka kutoka mbele kwenda nyuma, na kuachia kete mbili kwa pamoja. Watazamaji huyaona haraka kuliko mchezaji, na ndiyo maana mdogo hujifunza mengi akiwa amechuchumaa kando ya mchezo wa wengine.

Mtoto anayeanza hajui atafika wapi. Anadondosha kete na kungoja ya mwisho imwonyeshe. Hatua ya pili ni kutambua kwamba shimo lenye kete 3 hufika shimo la tatu mbele yake, bila kugusa kitu. Hapo huanza kuhesabu kinyumenyume: anachagua shimo analotaka kula, kisha anatafuta shimo lake ambalo idadi ya kete inalingana na umbali. Kwa kuwa safu zake mbili zina mashimo 16, kete 16 hurudi zilipoanzia, na sheria inakataza kuanza kula kwa shimo lenye 16 au zaidi. Wakubwa huweza kufuata kwa macho kula kwa pili na kwa tatu. Mizunguko ikizidi, hata wazoefu hubaki na makisio.

Mbinu ya kwanza inayoeleweka kwa umri wowote ni ya safu ya nyuma. Kwenye bao, kete za nyuma haziliwi. Hili ni tofauti na omweso wa Uganda, ambao nao una mashimo 32 na kete 64, lakini aliyekula huchukua za mbele na za nyuma kwa pamoja. Hata hivyo kuficha kete nyuma kuna bei yake, maana mwenye safu ya mbele tupu ameshindwa, na vilevile asiye na shimo lolote lenye kete 2 au zaidi. Mkubwa anapocheza na mdogo, njia ya haki ya kupunguza tofauti ni kumwachia mdogo aanze, kwani kama ilivyoonekana, ufunguzi peke yake unaweza kuleta kete 8.

Anayeyamudu haya huhamia bao la kiswahili. Huko mchezaji huanza na kete 10 tu mashimoni na 22 mkononi, ambazo huingizwa moja kila zamu katika hatua ya kunamua, na shimo moja la mbele huitwa nyumba na lina sheria zake. Kete za mkononi zikiisha, mchezo huingia hatua ya mtaji, na sheria za mtaji kwa sehemu kubwa ni zilezile alizojifunza chini ya mti.