Si Kila Kiwashacho ni Ukurutu

Mama mmoja wa mtaa wetu alitokewa na baka la mviringo kwenye mkono wa kushoto, lenye magamba na muwasho usiomwacha alale. Akaambiwa na jirani kuwa ni ukurutu. Alinunua krimu ya betamethasoni katika duka la dawa, na siku ya tatu muwasho ukatulia. Alipoiacha, baka lilirudi likiwa pana zaidi. Alirudia hivyo kwa miezi minne, na kila mara alishinda kwa siku chache na kushindwa kwa wiki nyingi.

Sababu ni kuwa lile halikuwa ukurutu, bali choa, maradhi yaletwayo na fangasi. Krimu aliyopaka ni ya jamii ya steroidi, ambayo kazi yake ni kutuliza mwili usipambane. Katika ukurutu hilo ndilo litakiwalo, kwa kuwa mwili wenyewe ndio uliokasirika bila ya adui. Lakini katika choa adui yupo. Ukimlaza mlinzi, mwizi hufanya kazi yake kwa utulivu: wekundu na muwasho hupungua, ilhali fangasi huendelea kutambaa chini kwa chini.

Vipi basi tutavitofautisha? Tazama kwanza ukingo. Choa huanza kama kijiduara, kisha hutanuka kwenda nje. Ukingo wake huinuka na kuwa na magamba, na katikati huelekea kupona, hata kikafanana na pete. Mara nyingi huanza upande mmoja wa mwili. Ukurutu hauna mpaka ulio wazi namna hiyo. Hupenda vikunjo vya viwiko na nyuma ya magoti, pande zote mbili kwa pamoja, na ngozi huwa kavu na nene kwa kukunwa. Aghalabu mwenyewe alikuwa nao tangu utotoni, au nyumbani kwao kuna pumu. Katika ngozi yetu nyeusi, usitafute wekundu peke yake. Huenda baka likaonekana la kahawia, la zambarau au la kijivu.

Hata hivyo macho hudanganyika. Uko ukurutu wa mviringo kama sarafu, ila huo huwa na magamba au majimaji mpaka katikati. Na choa kilichopakwa steroidi hupoteza pete yake, kikatoa vipele vidogo, hata mjuzi akababaika.

Huyo mama alipofika kwa tabibu wa ngozi, alikwanguliwa magamba ya ukingoni, mahali ambapo fangasi huwa hai zaidi. Magamba yalitiwa matone ya potasiamu haidroksaidi, ambayo huyeyusha ngozi na kuacha nyuzi za fangasi zionekane kwa hadubini. Zikaonekana. Aliamrishwa aache ile krimu, na apake klotrimazoli mara mbili kwa siku, akivuka ukingo wa baka kwa upana wa kidole. Alionywa pia kuwa siku za mwanzo muwasho ungeweza kuzidi, kwa vile mlinzi ameamka, na kwamba asiache dawa baka linapofutika, bali aendelee kwa wiki moja au mbili zaidi. Wengi hukosea hapo, kisha husema dawa haifai.

Tabibu akauliza: nani mwingine nyumbani anajikuna? Ndipo binti yake wa miaka saba alipovuliwa mtandio. Kichwani palikuwa na kipara kidogo chenye magamba, na nywele zimekatika karibu na shina. Mtoto alikuwa akimlea mtoto wa paka wa uchochoroni, naye paka alikuwa na manyoya yaliyonyonyoka masikioni. Choa cha kichwani hakiponi kwa krimu, kwa kuwa fangasi huingia ndani ya shina la unywele. Binti alipewa griseofulvini ya kunywa kwa wiki nane, ambayo huliwa pamoja na chakula chenye mafuta ili mwili uipokee vyema. Taulo, vitana na mitandio vikatengwa na kufuliwa, na paka naye akatibiwa.

Lau ungekuwa ukurutu, njia ingekuwa nyingine: kupaka mafuta mazito yasiyo na manukato mara baada ya kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevu, kuepuka sabuni kali, na kutumia steroidi nyepesi kama haidrokotisoni kwa siku chache zilizopangwa na tabibu.

Nasi tunaotawadha mara tano kwa siku, tukumbuke nafasi baina ya vidole vya miguu. Fangasi hupenda pale penye maji yaliyobaki. Tukaushe kabla ya kuvaa soksi au viatu. Na baka lililorudi mara ya pili baada ya krimu ya steroidi lisipakwe mara ya tatu, bali lipelekwe likakwanguliwe.